Mwezi Mbuzi, Zohali Kaa: je, kubadilishana nyumba kunalainisha kweli?

Wasomaji wa chati za kuzaliwa wana kauli ya kumtuliza mtu ambaye sayari zake zimeangukia pabaya: "Usiogope, hizo mbili zimebadilishana nyumba." Kila sayari humiliki buruji, yaani sehemu ya anga kati ya 12 za zodiaki, na buruji hiyo ndiyo nyumba yake. Ikitokea mbili zimekaa kila moja kwenye buruji ya mwenzake, husemwa zinapokeana, na makali yao huhesabiwa yamepungua. Ndani ya fani kauli hiyo ina msingi, ila hutolewa kirahisi mno.

Nitatumia mfano mmoja mgumu. Mwezi humiliki Kaa, ambayo kwenye falaki ya pwani huitwa Saratani. Zohali humiliki Mbuzi na Ndoo, yaani Jadi na Dalu. Sayari ikikaa buruji inayotazamana na nyumba yake huhesabiwa dhaifu. Kwa hiyo Mwezi ukiwa Mbuzi ni dhaifu, na Zohali ikiwa Kaa ni dhaifu vilevile. Zikiwa huko kwa wakati mmoja, zote mbili zimechoka na papo hapo zimebadilishana nyumba. Zohali ilikuwa Kaa kuanzia Juni 2003 hadi Julai 2005, na Mwezi hupita Mbuzi kila mwezi kwa siku mbili na kitu, hivyo wenye mpangilio huu ni vijana wengi tu wa siku hizi.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Sayari iliyoko ugenini hutegemea ukarimu wa mwenye nyumba, na hapa mwenye nyumba naye amelala kwa huyo mgeni wake. Hakuna anayeweza kumtupia mwenzake virago nje bila kuhatarisha vya kwake. Ndiyo maana wanajimu wa zamani waliona kwamba hata mtazamo wa uhasama, kama ule wa buruji zinazokabiliana, hupoa pale sayari zinapopokeana: jambo huja kwa tabu, lakini huja.

Swali ni hupoa kiasi gani. William Lilly, mnajimu wa Uingereza, kwenye kitabu chake cha mwaka 1647 aliweka jedwali la alama za nguvu na udhaifu wa sayari. Sayari iliyoko kwenye buruji inayokabili nyumba yake hukatwa alama 5. Inayopokeana na nyingine kwa njia ya nyumba huongezewa 5. Piga hesabu: kwa upande huo Mwezi wetu umerudi sifuri. Hilo si dogo kwa aliyekuwa anadaiwa, lakini si utajiri. Anayekuambia mabadilishano haya yamegeuza Mwezi dhaifu kuwa Mwezi wenye nguvu amekuongezea alama ambazo hata Lilly, aliyekuwa mkarimu kwenye jambo hili, hakuzitoa.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kusema uzisome sayari hizo kana kwamba kila moja imerudi kwake. Jaribu uone. Mwezi ulioko nyuzi 9 za Mbuzi uhamishie nyuzi 9 za Kaa. Zohali iliyoko nyuzi 13 za Kaa ipeleke nyuzi 13 za Mbuzi. Bado zinatazamana ana kwa ana. Umewapa hadhi, lakini ugomvi uko palepale. Kwangu hapo ndipo hoja ya "yote yameisha" inapoanguka.

Upande wa pili una sharti ambalo wengi hulipita haraka: kuonana. Mashallah wa Basra, mmoja wa wanajimu walioshiriki kuchagua saa ya kuanza kujenga Baghdad mwaka 762, alifundisha kupokeana kwa kuangalia sayari inayosogea kuelekea kwenye mtazamo na mwenzake. Kukaa kwenye nyumba ya mtu hakutoshi. Lazima taarifa imfikie mwenyewe.

Chukua watoto watatu waliozaliwa ndani ya wiki moja, mwishoni mwa Oktoba 2003, Zohali ikiwa nyuzi 13 za Kaa. Wa kwanza amezaliwa Mwezi ukiwa nyuzi 9 za Mbuzi. Mwezi hutembea kama nusu nyuzi kwa saa, kwa hiyo katika saa nane hivi utafika pale unapotazamana barabara na Zohali. Huyu ana mabadilishano yaliyo hai. Wa pili amezaliwa siku moja baadaye, Mwezi ukiwa nyuzi 22. Mkutano umeshapita. Mabadilishano yapo, lakini kwa kanuni ya Mashallah msaada wake ni wa kitu kilichokwisha kutokea: mtoto huyu hurithi masharti ya makubaliano ambayo hakuwepo yakifanyika.

Wa tatu ndiye anayenivutia zaidi. Mwezi wake umeshaingia Ndoo. Ndoo nayo ni nyumba ya Zohali, kwa hiyo bado wamebadilishana, na safari hii Mwezi hauko kwenye buruji inayokabili nyumba yake. Kwa Lilly, huyu yuko nafuu kuliko wawili wa kwanza. Lakini ukihesabu kutoka Kaa, Ndoo ni ya 8, na buruji zilizoachana namna hiyo hazionani kabisa. Kwa kanuni ya zamani, Mwezi na Zohali wa mtoto huyu hawana pa kukutania. Kanuni mbili, majibu mawili yanayopingana. Mimi nasimama na ya zamani, kwa sababu inamlazimisha msomaji kueleza msaada unapita njia gani, badala ya kuutaja tu.

Halafu kuna suala la nyumba za chati, yaani mafungu 12 ya maisha yanayohesabiwa kutoka buruji iliyo kwenye upeo, ile inayochomoza mtu akizaliwa. Suala hili unajimu wa Kihindi umelichukulia kwa uzito zaidi. Wao huorodhesha mabadilishano 66 yanayowezekana kati ya mabwana wa nyumba 12, na 30 kati ya hayo, yanayogusa nyumba ya 6, ya 8 au ya 12, huyaweka kwenye fungu la unyonge. Somo ni kwamba kubadilishana hufunga nyumba mbili pamoja, kwa heri au kwa shari. Mtoto wetu wa kwanza akiwa na Mizani kwenye upeo, Mbuzi ni nyumba ya 4 na Kaa ni ya 10: ukoo na kazi vimefungana, na mtu kama huyo anaweza kusukumwa na mzazi mkali hadi kwenye cheo. Akiwa na Mshale kwenye upeo, Mbuzi ni ya 2 na Kaa ni ya 8, na kilichofungana ni mfuko wake na madeni. (Wahindi wenyewe hawayaoni mabadilishano haya, maana kwa zodiaki yao Zohali ya Oktoba 2003 ilikuwa bado Mapacha. Nimeazima kanuni, sikuazima chati.)

Anayetaka kujua kama mtoto wa kwanza alilainishiwa au la ana kipindi cha kukagua. Zohali ilipita juu ya Mwezi wake mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 ikakabili mahali ilipokuwa alipozaliwa. Alikuwa sekondari, umri wa miaka 14 au 15. Aulizwe kabla ya kuonyeshwa chati: mwaka huo kulikuwa na uzito gani nyumbani, na je, aliyembana ndiye aliyemsaidia? Akijibu kwamba mbanaji na msaidizi walikuwa watu wawili tofauti, mabadilishano hayakufanya kazi yaliyosifiwa nayo. Mpangilio wa kuuliza ni muhimu, kwa sababu jaribio la Shawn Carlson, lililochapishwa kwenye jarida la Nature mwaka 1985, lilionyesha wanajimu wakishindwa kulinganisha chati na wasifu wa wahusika kwa kiwango kinachozidi bahati nasibu.