Bendera ioke, mtu muokee mifupa

Nilipewa onyesho la uwanja wa mpira la kuchezwa kwenye simu, lenye bendera 300 zinazopepea juu ya jukwaa. Aliyenitangulia alikuwa ameipa kila bendera uigaji wake wa kitambaa, CPU ikipiga hesabu upya kila fremu. Simu ilipata moto kama pasi.

Dawa yake ni kile tunachokiita kuoka. Unaendesha uigaji mara moja tu kwenye kompyuta yako, kisha msogeo wa kila kipeo, yaani kila nukta inayounda kitambaa, katika kila fremu unauandika kama rangi ya pikseli: nyekundu ni x, kijani ni y, buluu ni z. Safu wima ni kipeo, mstari wa mlalo ni fremu. Kwenye simu, sheda ya vipeo inasoma pikseli yake na kukisogeza kipeo, basi.

Bendera yangu ilikuwa na vipeo 32 kwa 16, yaani 512, na fremu 128 zinazochezwa 30 kwa sekunde. Kila pikseli ikichukua baiti 8 (namba nne za desimali za biti 16), picha nzima ni kama KB 524. Bendera zote 300 zinaisoma hiyo hiyo na kuchorwa kwa agizo moja. Kila moja ina fremu yake ya kuanzia, la sivyo zinapepea kwa pamoja kama gwaride.

```glsl
float f = mod(uWakati * 30.0 + aMwanzo, 128.0);
int a = int(f);
int b = (a + 1) % 128;
int n = int(aNamba + 0.5);
vec3 d = mix(texelFetch(uVat, ivec2(n, a), 0).xyz,
             texelFetch(uVat, ivec2(n, b), 0).xyz, fract(f));
vec3 p = aPos + d;
```

Angalia mstari wa mwisho. Ninachooka ni umbali ambao kipeo kimesogea kutoka mahali pake pa mapumziko. Mahali penyewe sipaoki, na hapo sibishani na mtu. Namba ya biti 16 inayoangukia kati ya 32 na 64 inaruka kwa hatua za 0.03125. Ukioka bendera iliyosimama mita 40 kutoka katikati ya uwanja kwa vipimo vya uwanja, kitambaa kitarukaruka sentimita 3 kwa mkupuo. Umbali usiozidi mita 1 una hatua ya nusu milimita au chini yake, na jicho halitaiona.

Na hiyo `aNamba`, yaani namba ya safu ya kipeo kwenye picha, nimeiweka kwenye kila kipeo kabla ya kuitoa bendera kwenye programu ya 3D. Injini nyingi hupanga vipeo upya wakati wa kuingiza modeli, na `gl_VertexID` haitalingana tena na safu zako. Ukiona bendera imelipuka na kuwa miiba, anza kuchunguza hapo.

Ikiwa haikulipuka ila imekunjamana kama karatasi iliyofinyangwa, mkosaji ni mipangilio ya picha. Injini inadhani umeipa picha ya kawaida, kwa hiyo inaibana kwa vipande vya pikseli 4 kwa 4, na vipeo jirani vinaambukizana rangi. Zima ubanaji, na zima kubadilisha ukubwa. Kivuli kikisimama tuli huku kitambaa kinacheza, sheda ya kivuli haijasoma picha. Mwanga ukiganda juu ya mikunjo inayotembea, hukuoka nomali.

Kazi iliyonichosha zaidi ni mzunguko. Upepo haurudi ulipoanzia, hivyo fremu ya 127 ikirudi 0 bendera inashtuka. Nilirekodi fremu 160, kisha zile 32 za ziada nikazichanganya na 32 za mwanzo: fremu ya 0 ni ile ya 128 tupu, halafu uzito unahama kidogo kidogo hadi ya 32 inabaki yenyewe.

Mteja alipoona bendera akataka na mashabiki waokwe vivyo hivyo. Nilikataa. Mtu wa vipeo 5,000 mwenye fremu 180 anakula MB 7.2, na mwenye umbo jingine anataka picha yake mwenyewe. Badala ya vipeo niliwaokea mwendo wa mifupa inayovivuta: kwa mifupa 40, kila mmoja ukiwa na pikseli tatu kwa fremu, ni kama KB 173 tu, na maumbo yote yenye mifupa hiyo yanaitumia. Gharama inahamia kwenye usomaji: kipeo kinachovutwa na mifupa minne kinasoma pikseli 12, na zaidi ukichanganya fremu mbili.

Ndiyo maana mashabiki wa safu za nyuma kabisa, ambako shabiki ana vipeo 200 na hata uso hana, niliwaoka kama bendera: KB 288 kwa umbo.