Chupa Ile Ile, Mikarafuuni na Forodhani

Mafuta ya karafuu yakiwa mapya huwa manjano mepesi. Yakikaa na kupata hewa na mwanga hugeuka kahawia, na mnunuzi anayeyajua hutazama rangi kabla hajafungua kizibo kunusa. Ndiyo maana zinanikera picha za matangazo ambamo chupa moja inapigwa mikarafuuni Pemba, kwenye jamvi la kuanikia, kwenye baraza la Mji Mkongwe na Forodhani usiku, halafu kila picha ina mafuta ya umri wake. Mama mmoja muuzaji alizitazama za kwake akasema, "Mwanangu, haya ya chini ya mti mbona kama ya mwaka juzi?" Mafuta yalikuwa ya chupa ile ile.

Watu hukimbilia kulaumu simu, lakini mimi naanza na kioo. Chupa angavu haina rangi yake mwenyewe. Unachokiona ndani ya mafuta ni kile kilichoko nyuma yake. Chini ya mkarafuu nyuma kuna majani na kivuli, kwa hiyo mafuta huonekana meusi yenye ukijani. Kwenye jamvi kuna karafuu kavu, nayo yanakuwa kahawia. Hapo hata ukirekebisha rangi usiku kucha hutafika popote.

Dawa yake ni kipande cha karatasi nyeupe ngumu. Kikate kwa umbo la chupa, kiwe chembamba kidogo kuliko chupa yenyewe, kisha kisimamishe nyuma yake kwa kukiinamisha kidogo ili kipokee mwanga. Kamera ikitazama kutoka mbele, karatasi inajificha nyuma ya chupa, na mafuta yanapata mgongo mweupe ule ule popote uendako. Ukiona ukingo mweupe pembeni mwa kioo, karatasi ni pana mno, ipunguze. Tumia karatasi hiyo hiyo safari zote, maana nyeupe nazo hazifanani.

Hilo likishakaa sawa, ndipo waiti balansi, yaani kuisawazisha kamera na rangi ya mwanga ili cheupe kionekane cheupe, ina maana. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvin: jua la mchana ni kama 5500, kivuli cha wazi kinaweza kupita 7000, na balbu ya manjano ya barazani iko karibu na 2700. Simu ikiachwa kwenye AWB, yaani ijisawazishe yenyewe, hukisia upya kila fremu, na majani mengi au ukuta wa chokaa huweza kuibadilishia makisio. Kwa hiyo kila mahali piga kwanza fremu moja yenye kadi ya kijivu imesimama pale pale ilipo chupa, ikielekea kamera. Kisha funga waiti balansi na mwangaza, ondoa kadi, piga picha zako. Ukipiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo simu haijalichakata, baadaye unagusa ile kadi kwa kichaguzi cha rangi, halafu unahamishia vipimo hivyo kwa picha zote za mahali hapo. Magharibi mwanga hugeuka upesi, kwa hiyo kadi irudishwe kila baada ya muda mfupi.

Umbo nalo huponyoka kimyakimya. Ukiisogeza simu karibu sana na chupa, mabega yake yanavimba na kitako kinasinyaa, hasa ukipiga kutoka juu. Rudi nyuma kiasi cha mita moja, tumia lenzi ya 2x, na uweke kamera usawa wa katikati ya lebo. Kipimo changu ni mdomo wa kizibo: ukionekana kama mstari katika picha moja na kama yai katika nyingine, urefu wa kamera umebadilika. Mimi hubeba kamba yenye fundo la kupimia umbali, na watu hucheka sana.

Wako wanaopiga chupa mara moja chumbani na kuibandika kwenye mandhari tofauti. Kwa sabuni inaweza kupita. Kwa kioo sikubaliani nayo, kwa sababu mng'aro wa dirisha la chumbani unabaki ubavuni mwa chupa iliyowekwa ufukweni.

Forodhani usiku ndipo kadi inaposhindwa. Taa ya meza moja ni nyeupe, ya meza ya pili ni ya manjano, na chupa inapata rangi mbili kwa pande mbili. Ukisawazisha upande mmoja, wa pili unaharibika. Hapo nasogeza chupa mbali na meza, naizuia taa moja kwa ubao, na ninaiangazia chupa kwa taa yangu ndogo. Taa za nyuma naziacha ziwe za manjano, maana usiku wa Forodhani ukifanywa mweupe kama ofisi, hakuna haja ya kwenda huko.

Kabla ya kumpa mteja, ziweke picha zote kando kwa kando, chupa zikiwa na urefu mmoja, na ufunike mandhari. Yakibaki mafuta, lebo na kizibo peke yake, tofauti itajionyesha. Ikibaki kwenye mafuta tu, angalia karatasi ya nyuma. Ikiwa hata weupe wa lebo umebadilika, rudi kwenye kadi.