Eksudeti kwa nukta moja: maji ya kifuani ya mgonjwa wa moyo

"Shikamoo dokta. Mgonjwa wa moyo, yuko kwenye furosemaidi, maji ya kifuani uwiano wa protini umetoka 0.51, LDH zote ziko chini ya mstari. Kwa vigezo vya Light ni eksudeti. Nianze dawa za TB au niendelee na moyo?"

Marahaba. Usianze leo, ila usilifunge faili. Wafuasi wa vitabu watasema kigezo kimoja kimevuka, basi mjadala umekwisha. Wazoefu wa wodini watakuambia moyo wake unajulikana, achana na namba. Wote wana hoja, na wote nimeshawaona wakikosea.

Kabla ya 1972 wengi walipima protini ya maji peke yake: ikifika gramu 30 kwa lita, hiyo ni eksudeti, maji yanayotokana na ugonjwa wa utando wenyewe, kama TB au saratani; chini ya hapo ni transudeti, maji yanayovuja tu kwa sababu kama moyo dhaifu. Wengi waliwekwa upande usio wao. Mwaka huo Richard Light na wenzake walichunguza maji ya vifua 150, wakaongeza kimeng'enya cha LDH na kulinganisha maji na damu. Maji ni eksudeti ikiwa protini yake inazidi nusu ya ile ya damu, au LDH yake inazidi 0.6 ya ile ya damu, au LDH hiyo inazidi theluthi mbili za kiwango cha juu cha kawaida cha damu kwenye maabara yenu. Kimoja tu kinatosha.

Hilo la "kimoja tu" ndilo linaloleta ubishi. Vigezo vilitengenezwa kama wavu wa matundu madogo: karibu hakuna eksudeti inayopita, lakini unazoa na visivyotakiwa. Katika kila transudeti nne au tano, moja hivi hupewa jina la eksudeti, na wanaoathirika zaidi ni hao hao wa moyo waliokwisha kuanza dawa ya kukojoza. Fikiria mchuzi uliosahaulika jikoni. Maji yanapungua, chumvi inabaki, mchuzi unakolea bila mtu kuongeza kitu. Furosemaidi huondoa maji kifuani haraka kuliko protini na LDH zinavyoondoka, kwa hiyo kilichobaki kinakolea.

Nikupe mgonjwa wangu. Mzee wa miaka 62, mchuuzi wa samaki pale Feri, alikuja hawezi kulala chali, miguu imevimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Eksirei ilionyesha moyo mpana na maji pande zote mbili, kulia zaidi. Sura hiyo, bila homa wala kichomi, hairuhusu haraka ya sindano: unampa furosemaidi, unamwangalia siku chache. Siku ya sita kushoto kulikuwa kumekauka, kulia bado, na jioni joto lilipanda kufika 37.8. Hapo tukachoma sindano kuvuta maji.

Maji yalitoka ya rangi ya majani makavu, angavu. Protini yake gramu 34 kwa lita, ya damu 66. Uwiano 0.515. LDH ya maji 150, ya damu 270: uwiano 0.56. Kiwango cha juu cha maabara ile ni 245, theluthi mbili zake ni 163, nasi tulikuwa 150. Viwili chini, kimoja kimevuka kwa nywele. Daktari wa zamu alikuwa ameshaandika "eksudeti, TB" kwenye faili.

Simlaumu. Dar es Salaam, eksudeti ya upande mmoja yenye homa ukiiita kitu kingine lazima uwe na sababu. TB ya utando wa mapafu ina tabia ya kukauka yenyewe, mgonjwa akaenda zake, kisha ikarudi miaka michache baadaye ikiwa imeshaingia mapafuni. GeneXpert, kipimo cha kutafuta vimelea vya TB, kwenye maji haya hukosa wagonjwa wengi, kwa hiyo jibu hasi halimwondoi mtu. Anayeogopa kuikosa TB ana haki ya kuogopa.

Lakini dawa za TB si maji ya kunywa. Ni miezi sita. Rifampisini inashusha nguvu ya warfarini, na wagonjwa wa moyo wanaoitumia si haba. Ini lililojaa damu kwa sababu ya moyo dhaifu halihitaji kuongezewa aisoniazidi na pirazinamidi bila sababu. Na kubwa zaidi, ukishabandika jina la TB, hakuna atakayekumbuka kuongeza dozi ya furosemaidi.

Njia ya kutoka ni albumini. Chukua albumini ya damu, toa ya maji. Usigawanye, toa. Tofauti ikizidi gramu 12 kwa lita, maji yana tabia ya transudeti hata kama Light amesema vingine. Dawa ya kukojoza inasogeza uwiano zaidi kuliko inavyosogeza tofauti hii. Tuliomba maabara watumie mabaki ya sampuli zile zile: damu 36, maji 21, tofauti 15. Kama albumini haipimwi kwenu, toa protini kwa protini, mpaka ni 31. Kwa mzee wetu 66 toa 34 ni 32, ushindi mwembamba, lakini upande ule ule.

Hapa wazoefu wa wodini huvuka mipaka. Kipimo cha albumini ni cha kukata rufaa, si cha kuanzia. Ukikifanya cha kwanza kwa kila mtu, kitaachia eksudeti nyingi za kweli, pamoja na saratani. Mimi nakitumia pale tu moyo unapojulikana, dawa ya kukojoza imeanza, na kigezo kilichovuka kimevuka kidogo. Protini ikiwa 55 na LDH mara tatu ya damu, sihitaji albumini, nahitaji kujua ni TB, usaha au saratani.

Kabla ya yote hayo, hakikisha namba zenyewe ni za kweli. Damu na maji vichukuliwe siku moja. Damu ya wiki iliyopita haifai. Maji yenye damu hupandisha LDH bure, maana chembe nyekundu zimejaa kimeng'enya hicho. Angalia pia vipimio: nimeona karatasi moja ina protini ya maji 3.4 na ya damu 66, moja kwa desilita, nyingine kwa lita, na mtu amegawanya hivyo hivyo akapata 0.05 akafurahi.

Usidanganyike pia na limfosaiti, aina ya chembe nyeupe. Za mzee wetu zilikuwa asilimia 60, na daktari wa zamu akanionyesha kama ushahidi. Limfosaiti zaidi ya nusu huonekana kwenye transudeti nyingi za moyo, hasa zilizokaa. ADA, kimeng'enya kingine cha kupima kwenye maji, ingesaidia zaidi: kwenye maji yenye limfosaiti, ikizidi 40 inaelekea TB. Yake ilitoka 14.

Homa ilikuwa ya mkojo. Tulitibu hiyo, tukaongeza furosemaidi, na tarehe ya eksirei ya kurudia ikaandikwa kwenye faili palepale: siku kumi. Siku hiyo kulia palibaki ufito mwembamba pembeni tu. Maji yasingepungua, tungechoma tena, na safari hii tungeomba kipande cha utando wenyewe.