Seftriaksoni ikigoma, ni lini meropenemu inastahili?

"Kama seftriaksoni imegoma, kwa nini mgonjwa asianzishiwe meropenemu moja kwa moja?"

Zote mbili ni antibiotiki, na jibu linategemea bakteria wako wapi. Tuseme ni mama wa miaka 50 wa Ngamiani, Tanga. Amechomwa seftriaksoni siku tano kwa UTI, bado mkojo unamuunguza. Mkojo umeoteshwa, na karatasi ya maabara inasema: E. coli, ESBL. Seftriaksoni R, siprofloksasini R, nitrofurantoini S, meropenemu S. R ni dawa iliyogoma, S ni inayofanya kazi.

ESBL ni vimeng'enya vinavyokata pete ya beta-laktamu, ile sehemu ya dawa inayozuia bakteria kujenga ukuta wake. Pete ikikatika, dawa imekufa. Jeni yake hubebwa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana, na mara nyingi husafiri pamoja na jeni za ukinzani mwingine. Ndiyo maana siprofloksasini nayo, ambayo haina pete hiyo, imeandikiwa R. Pete ya meropenemu vimeng'enya hivi haviiwezi.

Asidi ya klavulaniki huvizuia vimeng'enya hivi, na maabara hutumia udhaifu huo kuvitambua: kwenye sahani ya bakteria, kikaratasi chenye sefotaksimu, ndugu wa seftriaksoni, kikiwekwa milimita 20 hivi kutoka kile cha amoksilini-klavulaniki, duara lisilo na bakteria la sefotaksimu huvimba kuelekea kwa mwenzake. Hapo huja kishawishi: basi si tutumie dawa yenye kizuizi, meropenemu tuibakize? Mwaka 2018 hoja hiyo ilipimwa kwa wagonjwa wenye bakteria kwenye damu. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 12.3 ya waliopewa piperasilini-tazobaktamu, ambayo tazobaktamu ndiyo kizuizi chake, na asilimia 3.7 ya waliopewa meropenemu. Wakosoaji wanasema baadhi ya vifo vilitokana na maradhi mengine mazito waliyokuwa nayo, na hoja yao ina uzito. Hata hivyo, kwa damu, pengo hilo silipuuzi.

Kwa hiyo mama huyu akiwa na homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni, ambaye karatasi yake haionyeshi kidonge kinachofaa figo, meropenemu gramu 1 kila saa 8 kwenye mshipa ni sahihi, kwa figo zinazofanya kazi vizuri. Damu ioteshwe kabla ya dozi ya kwanza.

Akiwa na muunguzo tu, bila homa, meropenemu ni hasara: alazwe bure, na bakteria wa tumboni mwake wazoeshwe dawa ambayo ikishindwa kinachobaki ni kidogo na ghali. Nitrofurantoini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 5, baada ya chakula, inatosha. Fosfomisini gramu 3 mara moja nayo inafaa, ikipatikana. Ila nitrofurantoini hukusanyika kwenye mkojo, haiingii vya kutosha kwenye nyama ya figo wala damu, na figo zikiwa dhaifu sana haifai kabisa. Homa ikianza katikati ya dozi, usiongeze siku, arudi hospitali.

Muunguzo ukiisha, hakuna haja ya kuotesha tena. Bakteria wasio na dalili hawatibiwi, isipokuwa kwa mjamzito au anayesubiri upasuaji wa njia ya mkojo.