Nimeombea mgeni ruhusa, mwenye nyumba akaelewa mgeni mwingine

Hii imetokea kwetu Tabata na mpaka leo nikipita koridoni majirani wananiita "baba mgeni", basi acha nisimulie mwenyewe kabla hawajawahi kuisambaza kwa namna yao.

Tunakaa nyumba ya kupanga, familia nne, LUKU moja. Utaratibu wetu kila familia inatoa elfu tano, inakuwa elfu 20, tunapata uniti 56 hivi, na hizo tunazitumia siku tisa. Maji ni bili moja inagawanywa kwa vichwa. Na kwenye mkataba kuna kipengele kwamba mgeni akizidi siku saba lazima umtaarifu mwenye nyumba. Mimi ni mtu wa sheria bwana, sitaki makuu.

Mke wangu akajifungua. Mama mkwe akapiga simu toka Tanga kwamba anakuja kumlea mwanae mpaka arobaini zitoke, haikuwa ombi ile, ilikuwa taarifa. Nikamwandikia mwenye nyumba wasapu, na hii meseji naiweka kama ilivyo maana ndiyo iliyoniponza: "Shikamoo mzee. Namshukuru Mungu mke wangu kajifungua salama jana. Tutakuwa na mgeni hapa nyumbani, naomba akae wiki kama sita. Je kwenye LUKU na maji tumchangie kama mtu mzima au vipi?"

Dakika mbili tu mzee akajibu: "Marahaba, hongera sana kijana wangu! Mgeni haombewi ruhusa, akae hata miaka 20. Huyo maji yake ni ya beseni, umeme atautumia wapi? Asichangie chochote."

Nikasema duh, hii ndo inaitwa roho safi. Nikapiga picha ya skrini nikaituma kwenye grupu la wapangaji, nikaandika chini "mgeni wangu kasamehewa LUKU na maji, mwenye nyumba karidhia". Hakuna aliyepinga. Nilikuja kujua baadaye kwamba wote walielewa kama mzee, ila walishangaa kidogo huyu jamaa vipi anaombea kichanga chake kibali cha kukaa, wakajua ni furaha ya mtoto wa kwanza imenipanda kichwani.

Mama mkwe akashuka Jumamosi na mabegi matatu, mkungu wa ndizi na ndoo yake ya lita 20. Yeye na mwanae chumbani, mimi kwenye kochi sebuleni, miguu inaning'inia. Jioni hiyo hiyo tukajaza LUKU mpya, elfu 20 kama kawaida.

Sasa mzazi kwetu anakandwa, asubuhi na jioni. Nesi alishasema maji yasiwe ya kuunguza na mshono usiguswe, mama akasema sawa, yatapoozwa, lakini kwanza lazima yachemke, maji ambayo hayajachemka yeye hayatambui. Mkaa mwenye nyumba alishapiga marufuku ndani tangu apake rangi. Gesi mtungi wetu ni wa kilo 6, ndoo nzima juu ya kale kajiko ungekaa mpaka mtoto aanze chekechea. Mama akafungua begi la pili akatoa hita, ile ya koili unayoitumbukiza kwenye ndoo, kubwa kama chemchemi ya gari. Ndoo moja mpaka inatokota ni kama saa nzima. Nikaiona, nikameza mate. Mkwe humwambii "mama chomoa hiyo", utamwambia kwa mdomo gani?

Ijumaa saa 11 alfajiri, siku ya sita tu, giza. Mama yupo katikati ya kukanda, mtoto analia, nikasikia milango inafunguliwa mmoja mmoja. Fundi simu wa chumba cha mbele ndo alikuwa na sauti kuliko wote, "uniti 56 zinaishaje siku sita, kuna mtu anaiba umeme humu, leo lazima ajulikane!" Kufika saa moja asubuhi mwenye nyumba yupo uani na kanzu yake, kaitwa kwa simu. Mimi kwa kujiamini nikatoa simu nikamsomea meseji yake mwenyewe. Mzee akacheka, "ndiyo, nilimsamehe mtoto, kwani kuna tatizo?"

Muda huo huo mama mkwe akatoka na hita mkononi inachuruzika maji, akasema, "Baba, umeme unarudi saa ngapi, mzazi hajamalizwa mgongo."

Mzee akamtazama. Akanitazama. "Huyu nani?"

"Ndiye mgeni, mzee."

Kimya. Halafu mke wa fundi simu akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

Basi ikabidi tupime kabisa, maana fundi simu alishaanza kusema nilipe LUKU yote peke yangu. Tukaweka umeme wa elfu mbili, mzee akaamuru kila mtu azime kila kitu chake, nikasoma salio kwenye kiremoti, hita ikawashwa kwenye ndoo mpaka maji yakatokota, nikasoma tena. Imekula 1.7. Ndoo mbili kwa siku ni uniti 3.4, kwa wiki karibu 24, na uniti kwetu inakuja kama shilingi 357, kwa hiyo nikasema sawa, mimi nitaongeza 8,500 kila wiki mpaka mama aondoke, na kwenye maji ahesabiwe kichwa kizima. Haki yangu, sikubisha. Mzee akasema hayo ndiyo ungeandika tangu mwanzo, mama mkwe wangu, mtu mzima, kuanzia tarehe fulani mpaka fulani, ana hita.

Tunataka kutawanyika, mama mkwe kasimama pale kwenye mita, akauliza, "Na haka kataa kekundu mbona kanapepesa na mmesema mmezima vyote?"

Kweli. Hita ishachomolewa lakini taa inapepesa, taratibu, kama mara mbili kwa dakika. Mita yetu imeandikwa 1000 imp/kWh, yaani ikipepesa mara elfu moja ndo uniti moja imeondoka, kwa hiyo mwendo ule ni kitu cha kama wati 120, siyo taa iliyosahaulika, na siyo pasi, pasi ingepepesa kama disko. Mzee akaanza kuzima swichi za vyumba kwenye mein swichi, moja moja. Alipozima ya chumba cha mbele, kataa kakatulia.

Fundi simu akasema ni chaja. Mama mkwe, mtu wa Tanga huyo, ana adabu zake, akasema "hodi" na hapo hapo ameshaingia. Nyuma ya pazia kuna friza, limefunikwa kitenge vizuri na juu kuna ua la plastiki, ndani limejaa barafu za ukwaju. Zile zile ambazo watoto wote wa humu ndani wananunua mia mia dirishani kwake, tunaambiwa zinatoka kwa shangazi yake Buguruni. Kumbe tunauziwa umeme wetu ukiwa umeganda.

Mzee akavuta kanzu, akamtazama fundi simu, akamwambia, "Na wewe niandikie meseji. Huyu mgeni wako ameingia lini, na anakaa wiki ngapi?"