Chumba cha chini pwani: weka vigae, mkeka uache dukani

Watu wengi wakitaka kubadilisha sakafu huanzia dukani. Wanatazama rangi, wanapapasa, wanauliza bei ya mita, kisha wanarudi nyumbani na fundi. Kwa nyumba ya Arusha au ghorofa ya tatu, mwendo huo hauna madhara makubwa. Kwa chumba cha chini Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, naupinga kabisa, kwa sababu kinachoua sakafu huku kwetu hutoka chini yake.

Zege ni kitu chenye matundu madogo sana. Likimwagwa juu ya kifusi kilicholowa, bila nailoni ngumu katikati, hunyonya maji ya ardhini na kuyapandisha polepole hadi juu. Nyumba nyingi za mitaani, hasa zile zilizojengwa kwa awamu, hazikuwekewa nailoni hiyo. Mbaya zaidi ni pale uwanja unapoendelea kujazwa kifusi mwaka hadi mwaka, mpaka ardhi ya nje inakaribia kulingana na sakafu ya ndani. Ningependa kuona sakafu imeinuka angalau sentimita 15 juu ya ardhi ya nje. Pasipo na tofauti hiyo, masika yakianza, ukuta na sakafu vyote hunywa maji.

Kujua kama jamvi lako, yaani lile zege la sakafuni, linapitisha maji hakuhitaji kifaa. Chukua kipande cha nailoni nzito inayopenyeza mwanga, karibu nusu mita kwa nusu mita, kilaze juu ya saruji tupu na ukizibe kingo zote kwa selotepu pana. Kiache usiku kucha na mchana wake, kisha kifunue. Matone yakiwa upande wa chini wa nailoni, au saruji ikiwa imegeuka nyeusi, maji yanatoka ardhini. Matone yakiwa juu ya nailoni, ni hewa yenye mvuke iliyokutana na sakafu baridi, na hapo dawa ni madirisha na upepo. Rudia pembeni karibu na ukuta wa nje, kwa sababu katikati ya chumba panaweza kuwa pakavu huku kona zimelowa. Tena fanya wakati wa mvua. Jaribio la Januari, jua likiwa kali, linaweza kukupa jibu la kufurahisha lisilo la kweli.

Sasa tuje kwenye mkeka wa mbao, yaani ile vinaili ya kukunjwa yenye picha ya mbao, inayopendwa kuliko zote kwa kuwa ni nafuu na inatandikwa kwa saa moja. Kwa maji ya juu haina shida: mtoto akimwaga uji, unafuta. Shida ni kwamba plastiki haipitishi mvuke. Maji yanayopanda kutoka kwenye jamvi yalikuwa yakikauka hewani bila wewe kuyaona. Ukishaweka mkeka, yanakwama.

Niliwahi kusimama katika chumba kimoja Kigamboni ambacho mpangaji wake alilalamikia harufu kama ya nguo zilizovundikwa. Juu mkeka ulikuwa safi, unang'aa. Tulipouvuta kutoka ukutani, upande wa chini ulikuwa na matone na madoa meusi ya ukungu, na gundi iliyokuwa imepakwa kingo zote ilikuwa imerudi kuwa utelezi unaonata vidoleni. Katikati mkeka ulikuwa umeanza kuvimba malengelenge. Chumba hicho kilikuwa kikipigwa deki kila siku, na deki haikuweza kukifikia kilichokuwa kinanuka.

Kuchakaa nako kuna kipimo. Kinachozuia picha isifutike ni tabaka angavu la juu. Kwa chumba cha kulala, milimita 0.2 hutosha, sebule yenye watu wengi nataka 0.3 au zaidi, na duka 0.5. Mikeka ya bei ya chini kabisa mara nyingi haiandikwi kipimo hicho, na utaiona ikibadilika rangi mlangoni na chini ya miguu ya viti kabla ya kwingine. Vinaili ya vibao vinavyopachikana, yenye kiini cha unga wa mawe, ni imara zaidi na haivimbi, lakini haizuii ukungu kuota chini yake.

Lamineti, yaani vibao vya mbao bandia vinavyopachikana, ni kesi nyepesi kuiamua. Uso wake ni mgumu kuliko wa vinaili, na alama ya AC4 kwenye boksi humaanisha itahimili mikwaruzo ya sebule vizuri. Ila kiini chake ni unga wa mbao uliogandamizwa. Ukinywa maji hufura, kuanzia kwenye maungio, na ukikauka haurudi ulivyokuwa. Ukipitisha kiganja utasikia kingo zimeinuka. Maandishi ya "haiingii maji" yanazungumzia maji yaliyomwagika juu na kufutwa, si mvuke unaopanda miezi 3 mfululizo. Iweke ghorofani, ukiacha nafasi ya karibu milimita 10 ukutani ili ipate pa kutanukia. Chini, hapana.

Zulia la ukuta kwa ukuta nalo sitalishauri pwani hata kwa nyumba kavu. Linashika vumbi na jasho la hewa, na huwezi kulitoa juani. Zulia la kukunjwa, linalobebwa nje na kuanikwa, halina neno.

Ndiyo maana nabaki na vigae. Unyevu hauviozeshi, na maungio ya grauti, ile saruji laini inayojazwa kati ya kigae na kigae, huruhusu mvuke kidogo kutoka. Jamvi likiwa na maji utaona chumvi nyeupe kwenye grauti, ambayo huondoka kwa brashi. Lakini kigae kizuri huharibiwa na fundi mwenye haraka, anayeweka madonge matano ya gundi na kugonga. Chini hubaki mashimo. Kitanda kikiburuzwa, kigae kinapasuka. Dai gundi isambazwe kwa mwiko wenye meno, na siku ya pili pita ukigonga kwa sarafu: panapolia tupu, paondolewe kabla hujamlipa. Bafuni, kumbuka grauti hupitisha maji, hivyo paka dawa ya kuzuia maji kwenye saruji kwanza, sakafu iinamie tundu la kutolea maji kwa sentimita 1 au 2 kila mita, na uchague kigae chenye uso wa kukwaruza.

Gharama ndiyo inayowatisha watu. Chumba cha mita 3 kwa 4 kina mita za mraba 12: vigae vya sentimita 40 ni 75, ongeza kimoja kwa kila kumi kwa ajili ya kukata, jumla 83, pamoja na mifuko kama 3 ya gundi ya kilo 20, grauti na ufundi. Tuseme yote yanafika mara tatu ya bei ya mkeka. Mkeka ukivunda kila baada ya masika mawili, ununuzi wa tatu umeshalipa vigae, na bado huna vigae.

Mpangaji ambaye hawezi kubadilisha sakafu ya mwenye nyumba, tandika mkeka bila gundi wala selotepu. Uache pungufu ya ukuta kwa upana wa vidole viwili, usiweke kabati zito kwenye kona yenye unyevu, na wakati wa mvua uukunje kila wiki, saruji ipate hewa kutwa nzima kabla ya kuutandika tena.