Hilo wingu la maneno kwenye ripoti mi silielewi

Siku hizi Arusha hapa ripoti ya dodoso haijakamilika bila wingu la maneno, yaani maneno yamerundikwa rangi rangi, lililorudiwa sana ndo kubwa katikati, watu wanapiga makofi. Mi napinga.

Tuseme umewauliza wafanyabiashara 80 wa soko la Kilombero "shida yako kubwa ni nini?" Mmoja kaandika "maji hayatoki", mwingine "maji yanakatika", mwingine "hatuna maji", alafu kuna mama kaandika "maji siku hizi sio shida, shida ni ushuru". Kompyuta inahesabu maneno tu, kwahiyo huyo mama kaongeza MAJI moja na SHIDA mbili, wakati kasema kinyume kabisa! Na hiyo SHIDA inavimba kwasababu ilikuwa kwenye swali lako mwenyewe.

Kiswahili ndo kinaumia zaidi. Hayatoki, hayakutoka, yanatoka, programu inaona maneno matatu tofauti, kila moja linabaki kadogo pembeni, na vitenzi ndo vinabeba lalamiko lenyewe. Unabaki na majina matupu: maji, soko, pesa. Maji yamefanyaje sasa? Ushuru nao unagawanyika, huyu kaita kodi, yule kasema "wanatutoza kila siku", huyo wa mwisho haonekani popote. Bado hujagusa "ya" na "kwa", nazo zinavimba humo humo, maana programu nyingi zinajua kuchuja maneno ya Kiingereza tu.

Mi nafanya hivi. Excel, mstari mmoja mtu mmoja. Soma majibu 20 au 30 ya mwanzo kwa macho yako, andika mada unazoziona, kila mada safu yake, na uipe jina linalojieleza, "maji hayapatikani" sio "maji". Alafu pitia wote 80, aliyeigusa mada weka 1, asiyeigusa 0. Yule mama anapata 1 kwenye ushuru, kwenye maji 0. Chini ya safu weka hii, alafu bonyeza alama ya % ije kama asilimia:

```
=SUM(C2:C81)/80
```

Hapo unahesabu watu, sio maneno, hata mtu aandike maji mara sita ni mmoja tu. Asilimia zikijumlishwa zikapita 100 usishtuke, mtu anaweza kutaja mada mbili. Mpe na mwenzio majibu 20 yale yale aweke 1 na 0 zake bila kuona zako, mkipishana sana maana ya mada haijakaa sawa, irekebisheni kwanza. Mwisho chora grafu ya mihimili iliyolala, kubwa juu, na kila mhimili uwe na jibu moja la mtu kama alivyoliandika.

Kuna sehemu hii njia nayo inafika kikomo. Watu 12 wakitaja choo haimaanishi wale 68 wanakifurahia, hawakukitaja tu, labda siku hiyo ushuru ndo uliwauma zaidi. Kwahiyo andika "waliotaja choo bila kuulizwa", na kama unataka kujua wangapi wana shida na choo waulize choo moja kwa moja.